Kulwa pasenti 31, Doto pasenti 12: kilo zilezile, urefu uleule, sasa hayo mafuta yametoka wapi?

Hiki kisa nimekikalia muda mrefu, sasa nimepata ruhusa ya wenyewe niandike, ila majina nimebadilisha nikaweka Kulwa na Doto maana ni mapacha kweli na sisi kanda ya ziwa pacha haitwi jina lingine. Sio wale mapacha wa kufanana mpaka mama anachanganya, hapana, hawa ukiwaona utasema ndugu tu. Miaka 35 wote, sentimita 175 wote, na siku kisa kinaanza walipanda mizani moja, dakika tofauti kidogo, wote ikasoma kilo 82. Ukipiga ile hesabu ya kilo gawanya kwa urefu wa mita, halafu jibu ugawanye tena kwa urefu huohuo, wote unapata 26.8, yaani wote kwa chati ya ukutani ni "uzito umezidi".

Mimi nafundisha mazoezi, sio daktari, niseme mapema. Nimeshapima watu wengi sana kwa hizi mizani za kisasa na kwa tepu, na nimeshakosea pia, ndiyo maana hiki kisa nakielewa.

Doto kazi yake ni kubeba magunia ya dagaa pale Mwaloni Kirumba, Mwanza, ana miaka zaidi ya kumi kwenye hiyo kazi. Kulwa ni dereva wa lori, Mwanza kwenda Dar na kurudi, yaani siku nzima makalio yako kwenye siti na chakula ni cha stendi. Jumamosi moja Doto akamvuta kaka yake jim anayofanyia yeye (siyo ya kwangu, na siitaji), kwa sababu wamenunua ile mizani ya kioo yenye vyuma vinne, unapanda pekupeku, inaongea na simu, inakupa kilo, mafuta, maji, mifupa, mpaka "umri wa mwili". Kijana wa mapokezi akawaandikisha. Majibu:

Kulwa, kilo 82, mafuta 31.4%.
Doto, kilo 82, mafuta 11.9%.

Tofauti ni karibu pointi 20! Hesabu ya haraka, Kulwa ana kilo 25.7 za mafuta na Doto ana 9.8, yaani kilo 16 za mafuta tofauti kwa watu wanaolingana kila kitu kwenye karatasi. Doto akaanza kutamba palepale, kijana wa mapokezi akampiga picha. Kulwa akatoka pale kimyakimya, na jioni yake akanunua ile chai ya kupunguza mwili inayouzwa mitandaoni, ile ukinywa usiku asubuhi hutoki chooni.

Siku ya sita ndiyo nikampata mimi. Alikuja na simu mkononi amekasirika kweli.

"Kocha, hebu nieleze, nimekunywa hii kitu siku tano, nimeshuka kutoka 82 mpaka 79.8, nikarudi kwenye ile mizani yao, mafuta yamepanda! 32.6! Sasa kilo zinashuka mafuta yanapanda, nakufa au?"

Nikamwambia kaa chini mzee, kunywa maji kwanza. Na hapo ndipo kisa chenyewe kinapoanza maana hilo swali lake ndilo lililonifungua macho, kuliko hata ile tofauti yake na Doto.

Chukua hesabu zake. Mwanzo, 31.4% ya kilo 82 ni kilo 25.7 za mafuta. Mwisho, 32.6% ya 79.8 ni kilo 26. Kwa hiyo kwa mujibu wa mizani huyu bwana kwa siku tano amepoteza kilo 2.2 jumla NA akaongeza mafuta robo kilo wakati amekula nusu sahani kwa siku. Haiwezekani. Mwili haujengi mafuta kwa njaa. Kwa hiyo kuna kitu kingine mizani ilikiona ikakiita mafuta, na hicho kitu ni ukosefu wa maji.

Hapa watu wengi hawajui, wanadhani ile mizani inaona mafuta kama eksirei inavyoona mfupa. Haioni. Mizani inapima vitu viwili tu, uzito, na ugumu wa umeme kupita mwilini mwako. Inapitisha umeme mdogo sana, husikii kitu (ila kama una kile kifaa cha betri cha kuendesha moyo usipande kabisa), unaingia mguu mmoja unatokea mguu wa pili. Nyama, yaani misuli, imejaa maji yenye chumvichumvi na umeme unapita vizuri. Mafuta hayana maji mengi, umeme unapita kwa shida. Mizani inaangalia umeme ulivyosumbuka, inakisia una maji kiasi gani, halafu inachukulia kwamba kila kitu mwilini kisicho mafuta ni maji kwa asilimia 73 hivi, inapata uzito wa mwili bila mafuta, inatoa kwenye kilo zako, kinachobaki inakiita mafuta. Umeona mnyororo? Mafuta ni masalio ya mwisho ya hesabu, hakuna mahali yamepimwa yenyewe.

Sasa Kulwa amekunywa chai ya kuharisha siku tano. Maji yametoka. Umeme umepita kwa shida zaidi, mizani ikasema "huyu maji yake machache, basi misuli yake michache, basi mafuta yake mengi". Ikampa 32.6. Ndiyo maana nasema zile kilo 2.2 alizolipia hela ni maji na mzigo wa tumboni, na hazikukaa, wiki moja ya kula na kunywa kawaida zikarudi zote.

Basi nikajiuliza, kama siku tano za chai zinaweza kugeuza namba kichwa chini miguu juu, ile 31.4 ya kwanza na ile 11.9 ya Doto zilipatikana katika hali gani? Nikawaita wote wawili nikawahoji kama polisi.

Kulwa siku ile alikuwa ametoka safari usiku, na madereva wa masafa mnajua tabia yao, hawanywi maji njiani ili wasisimamesimame. Kwa hiyo alifika na mwili mkavu. Halafu mchana akala pilau la haja na soda mbili, ndiyo wakaenda kupima. Chakula kilichoko tumboni kinaongeza kilo lakini hakibadilishi sana njia ya umeme, kwa hiyo mizani inaona kilo imeongezeka, haioni misuli imeongezeka, basi hicho chakula kwa sehemu kubwa kinaandikwa mafuta. Pilau linageuka kitambi kabla halijasagwa, ha ha.

Doto yeye alipima baada ya mazoezi, ngozi ya moto, jasho linatiririka, damu imejaa miguuni kwa sababu alikuwa anafanya squati. Ngozi ya moto yenye unyevu umeme unapita kirahisi, mizani ikaona mtu wa misuli mitupu. Kwa hiyo mmoja alipimwa katika hali inayopandisha namba na mwingine katika hali inayoshusha. Hiyo ya kwanza.

Ya pili ndiyo iliyonichekesha. Nikaomba Doto aingie kwenye simu ya jim atume picha ya profaili zao wote wawili. Ya Doto, pale kwenye aina ya mwili kijana aliweka `Athlete`. Kwa nini? Kwa sababu aliona mabega. Ya Kulwa aliweka `Standard`, sawa, lakini kwenye `Age` badala ya 35 kaandika 53. Aligeuza tarakimu. Kwa hiyo mizani ilikuwa inampima babu wa miaka 53 aliyekauka na kula pilau, ikimlinganisha na mwanariadha aliyetoka mazoezini, halafu wakaambiwa ni mapacha.

Hii ya profaili nataka niikazie maana ndiyo watu wanaipita haraka. Ile namba ya mwisho haitoki kwenye umeme peke yake. Kiwanda kilichotengeneza mizani kiliwahi kupima watu kwa mashine kubwa za uhakika zaidi, kikatafuta hesabu inayounganisha umeme, kilo, urefu, umri na jinsia na majibu ya ile mashine. Watu wakizeeka misuli hupungua kwa kawaida, kwa hiyo ukiandika umri mkubwa hesabu inakuongezea mafuta hata kama umeme ni uleule. Na ukichagua mwanariadha inatumia hesabu nyingine kabisa, iliyotengenezwa kwa watu wa mazoezi makali, inakupunguzia. Kila kiwanda kina hesabu yake na hawaitoi. Kwa hiyo kiasi kikubwa cha jibu umekiandika mwenyewe kwa kidole kabla hujapanda.

Kuwahakikishia nikafanya jaribio. Nilisubiri siku kumi, Kulwa ameacha chai, kilo zimerudi. Mizani ninayo ya kwangu, aina ileile ya vyuma vinne. Asubuhi saa moja, wote hawajala tangu usiku, jana yake hakuna mazoezi wala bia (Doto alilalamika hapa), wameenda chooni, wamevaa bukta tu, nyayo zimefutwa kwa kitambaa chenye maji kidogo. Hilo la nyayo sio mbwembwe, Doto ana magaga ya miaka kumi ya kutembea na kandambili mwaloni, na nyayo ngumu kavu zinaweza kuzuia umeme kuingia vizuri ukapata namba ya juu ya uongo au mizani ikagoma kabisa. Mizani nimeiweka kwenye sakafu ya saruji, sio zulia. Kila mmoja anapanda mara tatu. Profaili zote: mwanaume, 35, sentimita 175, `Standard`.

Kulwa alitoka kilo 81.6 na mafuta 27.6%. Doto kilo 82.1, mafuta 18.2%. Zile mara tatu hazikupishana hata nusu pointi.

Pointi 19.5 zimekuwa 9.4. Nusu ya ule mgogoro wa familia ilikuwa maji, pilau, na kidole cha kijana wa mapokezi.

Halafu bila kuchelewa nikabadilisha profaili nikawarudisha juu ya mizani. Kulwa nikamweka `Athlete`, dakika ileile, tumbo lilelile, ikasoma 22.9. Akasema "basi niache hivyohivyo kocha". Doto nikamweka `Standard` umri 53, ikasoma 20 na kitu, akanyamaza kidogo kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi ile.

Sasa kuna watu wakifika hapa wanasema kumbe hizi mizani ni utapeli, tupa nje. Hapana bwana. Tofauti bado ipo! Pointi 9 sio kidogo. Swali linakuwa je hii iliyobaki ni ya kweli au nayo ni ujanja wa mashine, maana mizani ya miguu ina udhaifu mwingine, umeme unapanda mguu mmoja unashuka mwingine, kwa hiyo inaijua zaidi miguu na sehemu ya chini ya kiwiliwili, tumbo la juu, kifua na mikono inakisia. Na Kulwa mafuta yake yako wapi? Tumboni. Doto misuli yake iko wapi zaidi? Miguu, mgongo na mabega. Kwa hiyo ingeweza kumpendelea Doto kwa sababu ya miguu yake, au hata kumpendelea Kulwa kwa kutoliona tumbo vizuri. Huwezi kuuliza mizani kama mizani inasema kweli, inabidi uulize kitu kingine kisichojua umeme.

Nikatoa tepu ya fundi cherehani, shilingi elfu moja.

Kuna hesabu ya watafiti wa jeshi la majini la Marekani, Hodgdon na Beckett, ya mwaka 1984, inatumia kiuno, shingo na urefu tu. Kwa wanaume kiuno kinapimwa usawa wa kitovu, sio pale mkanda unapokaa chini ya kitambi, na shingo chini ya koromeo. Yenyewe hii, kwa sentimita:

```
mafuta% = 495 / (1.0324 - 0.19077*log10(kiuno - shingo) + 0.15456*log10(urefu)) - 450
```

Kikokotoo cha simu ukikilaza kinakuwa na `log`, ndiyo hiyohiyo log10, usiogope.

Kulwa kiuno 98, shingo 38. Tofauti 60. Ukiingiza unapata 26.0%. Doto kiuno 86, shingo 40, tofauti 46, unapata 16.2%. Kumbuka urefu ni uleule na kilo hazimo kabisa kwenye hii hesabu, ni tepu tupu.

Angalia sasa. Mizani baada ya kunyooshwa: 27.6 na 18.2, tofauti 9.4. Tepu: 26.0 na 16.2, tofauti 9.8. Njia mbili ambazo hazijuani, moja umeme moja kamba, zinasema kitu kimoja kuhusu tofauti. Zenyewe zimepishana kama pointi mbili kwenye kiwango, tepu iko chini kwa wote wawili, na hiyo ni kawaida, kila njia ina mwelekeo wake. Mimi mtu akiniuliza Doto ana pasenti ngapi nitasema 17 hivi, na akinibana nitasema inaweza kuwa 14 inaweza kuwa 20, kwa mtu mmoja mmoja hizi njia zinakosea pointi 3 au 4 bila shida. Lakini akiniuliza nani kamzidi mwenzake na kwa kiasi gani, hapo najibu bila kupepesa macho. Na ile 11.9 ya picha ya jim? Haipo. Haijawahi kuwepo.

Tepu nayo ina wizi wake. Kulwa mara ya kwanza alivuta tumbo, kila mwanaume anavuta, nikamwambia toa pumzi kawaida usijifanye. Sentimita 2 za kuvuta tumbo kwake zinashusha jibu kwa pointi 1.3. Kwa hiyo nami napima mara tatu mwisho wa pumzi ya kawaida, na simwambii naandika ipi.

Haya, tukubali 27 na 17. Nini kiko ndani ya hizo kilo 82?

Kulwa ana mafuta kilo 22, vingine kilo 60. Doto ana mafuta kilo 14, vingine kilo 68. Hivyo "vingine" ni misuli, mifupa, viungo, damu, maji, yote. Kilo 8 zimehama upande. Na kwa kuwa hivyo vingine ni maji kwa asilimia 73, Doto anatembea na maji karibu lita 6 zaidi ya kaka yake, kwenye misuli, na hayo ndiyo umeme ulikuwa unayaona.

Mke wa Kulwa aliniuliza swali zuri sana siku tunaongea haya, akasema kama kilo ni sawa mbona suruali za Doto mume wangu hazimwingii hata akilala kitandani avute zipu? Watu wengi watajibu "misuli ni mizito kuliko mafuta", sawa, lakini piga hesabu uone kama inatosha. Mafuta lita moja ni kilo 0.9, mwili usio mafuta lita moja ni kama kilo 1.1. Kulwa: 22 gawanya 0.9 ni lita 24.4, na 60 gawanya 1.1 ni lita 54.5, jumla kama lita 79. Doto: lita 15.6 na lita 61.8, jumla 77.4. Ukiwazamisha wote kwenye pipa la maji, Kulwa atamwaga zaidi kwa lita moja na nusu tu! Chupa moja ya maji. Hiyo sio suruali. Suruali haimwingii kwa sababu mafuta ya Kulwa yamekusanyika mahali pamoja, tumboni, wakati misuli ya Doto imegawanyika mapaja, mgongo, mabega, shingo. Sentimita 12 za kiuno, hapo ndipo tofauti yote inapokaa.

Na hilo la kuzamisha watu majini sio utani, ndivyo ilivyoanza. Mwaka 1942 daktari wa jeshi la majini la Marekani anaitwa Behnke na wenzake waliwapima wachezaji wa kulipwa wa mpira wa Kimarekani kwa kuwazamisha. Kwa chati za uzito na urefu wengi wao walionekana wanene wa kukataliwa jeshini, majini ikaonekana ni misuli. Doto wetu ni wale wale. Chati ya 26.8 ikimwambia amezidi uzito inamkosea, ikimwambia Kulwa amezidi uzito inapatia, na ni chati ileile na namba ileile.

Nirudi kwenye kitu kimoja Doto alikuwa anatambia, kwamba "misuli yangu inachoma mafuta hata nikilala, ndiyo maana nakula ninavyotaka". Kuna hesabu maarufu ya nishati ya mwili ukiwa umetulia inayotumia uzito usio mafuta, kila kilo inahesabiwa kalori 21.6 kwa siku. Kilo 8 mara 21.6 ni kama kalori 170 kwa siku. Hiyo haifiki chapati moja ya kukaanga. Kinachomfanya Doto ale ugali mkubwa bila kuota kitambi ni yale magunia yenyewe, masaa nane kwa siku, sio misuli ikiwa imelala. Nilimwambia siku ukipandishwa cheo ukakaa kwenye kiti cha kuhesabu magunia, ukaendelea na sahani hiyohiyo, ndani ya mwaka utakuwa Kulwa. Hakufurahi.

Kwa Kulwa nilimwambia sahau 31, sahau na 27 pia kwa sasa. Namba yangu kwake ni kiuno gawanya kwa urefu: 98 kwa 175 ni 0.56. Watu wa afya wanapenda kiuno kisizidi nusu ya urefu, kwake nusu ni 87.5. Doto yuko 0.49, kaponea. Mafuta ya tumboni, yale ya ndani yanayozunguka ini na utumbo, ndiyo yanayotembea na sukari na presha, na hapo ndipo hiyo mizani ya miguu inapoona vibaya zaidi. Nikamtuma kituo cha afya apime presha na sukari, hilo sio la kocha, na majibu yake ni siri yake.

Chai aliimwaga. Tulichofanya wala sio cha ajabu: soda za njiani zimeondoka, maji anabeba dumu la lita 5 kwenye kabini na anasimama anapotaka kusimama, wali wa usiku wa stendi umepungua nusu, na siku asizosafiri anakuja kunyanyua vitu vizito mara tatu kwa wiki. Tukakubaliana kupima mara moja kwa mwezi, asubuhi, masharti yaleyale, mizani ileile, profaili hairuhusiwi kuguswa. Kupima kila siku nilimkataza, maana pointi moja au mbili kupanda na kushuka kwa siku ni maji tu na zitamrudisha kwenye chai.

Miezi mitatu baadaye: kilo 80.4, ameshuka kilo moja na ushee tu, na kama angekuwa anaangalia kilo peke yake angekata tamaa. Mizani 25.1%. Kiuno 93. Ukiweka kwenye hesabu za mizani, mafuta yametoka kilo 22.5 hadi 20.2, yaani yameshuka kilo 2.3 wakati jumla imeshuka 1.2, kwa hiyo karibu kilo moja ya upande wa pili imeongezeka. Hiyo kilo moja siiapii, iko ndani ya makosa ya mashine, inaweza kuwa ni maji ya yule mtu aliyeanza kunywa maji. Zile sentimita 5 za kiuno ndizo ninazoapia, nilizishika kwa mkono wangu, na mkanda wake una tundu jipya alilotoboa kwa msumari.

Kwenye mfumo wa ile jim nyingine Kulwa bado ana miaka 53, hakuna aliyerekebisha mpaka leo. Doto alivyogundua hilo hakuacha. Kila wakikutana asubuhi anavua kofia, anainama kidogo, "shikamoo mzee". Na Kulwa, ambaye kweli alitangulia kuzaliwa kwa dakika chache, sasa anaitikia marahaba bila hata kucheka.